Uso wa Yai

Siku ya hitima ya baba, mwaka mmoja baada ya kumzika, mdogo wangu aliingia uani kwetu Tanga akitokea Dodoma anakofanya kazi. Mama alikuwa amebeba sinia la tende. Akasimama nalo, akamtazama kwa muda mrefu kuliko mtu anaohitaji kumtambua mwanawe. Kisha akasema, taratibu, bila hasira yoyote: "Mwanangu, baba yako umempeleka wapi?"

Hakuwa anauliza habari za kaburi. Alikuwa anauliza habari za nywele. Mdogo wangu alikuwa amezifuga pembeni mpaka zikajaa juu ya masikio, juu amezipunguza, na ndevu amezijaza kwenye taya huku amezifyeka chini ya kidevu. Alipendeza. Watu wote walimwambia amependeza. Ila ule uso mrefu wa baba, ambao mama alikuwa ameusubiri uingie mlangoni siku ile, haukuingia. Na aliyemshauri anyoe hivyo nilikuwa mimi.

Sisi tumezaliwa wawili. Mimi nimechukua uso wa mama, wa mviringo, na yeye amechukua wa baba. Shuleni mimi waliniita Chapati na yeye wakamwita Muhogo, na kulikuwa na mwalimu aliyependa kusema kwamba tukikaa pamoja ni kifungua kinywa. Tulicheka kama watoto wanavyocheka wakitaniwa, yaani kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Nadhani ndiyo maana tulipokua tukawa wanafunzi wazuri sana wa zile sheria za maumbo ya uso ambazo kila msusi anazijua kwa moyo. Mwenye uso wa duara ainue nywele juu, apunguze pembeni, aepuke mkato unaoishia usawa wa mashavu. Mwenye uso mrefu asiinue, ajaze pembeni, ashushe kitu kwenye paji. Mwenye uso wa yai avae anachotaka.

Tazama mishale ya sheria hizo inaelekea wapi. Wangu unapanda, wa mdogo wangu unashuka, na yote miwili inakutana mahali pamoja, kwenye yai. Maana yake, kama mimi na yeye tungefaulu kabisa, kila mmoja kwa kinyozi wake, tungeishia kufanana. Na tungefanana na mtu ambaye si mama wala si baba. Hilo nililiona nikiwa nimechelewa, pale uani, sinia likiwa bado mkononi mwa mama.

Lakini sitaki kukimbilia kusema sheria hizo ni upuuzi, maana si upuuzi. Zina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio ulionifanya niziamini. Ukiongeza sentimita tatu za nywele juu ya kichwa, jicho linahesabu sentimita hizo kama sehemu ya mtu. Ukiongeza upana juu ya masikio, uso ulio katikati unaonekana umefupika. Kinyozi yeyote anaweza kukuonyesha kwa dakika tano kwa kufunika na kufunua kwa kiganja. Kosa linaanzia nyuma zaidi, pale tunapoamua huyu ni wa duara na huyu ni mrefu, halafu tukatibu jina badala ya uso.

Nilianza na vipimo, kama mtu msomi. Vitabu vya kufundishia ususi hueleza kwamba uso wa yai una urefu wa takribani mara moja na nusu ya upana wake, urefu ukipimwa kutoka mstari wa nywele hadi kidevuni. Nikachukua futi ya fundi cherehani nikajipima. Upana ukatoka sentimita 19, urefu 18. Nilikaa kitandani nikajiambia kumbe hata chapati ina nafuu. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba futi ile ya kitambaa ilikuwa inafuata mlima wa mashavu, inapanda na kushuka, na hivyo ilikuwa inapima ngozi badala ya upana. Upana unaoonekana machoni ni mstari ulionyooka. Nikashika vitabu viwili vyenye jalada gumu, nikavibana wima kwenye mifupa ya mashavu, nikamwomba mwenzangu wa chumbani apime nafasi iliyo kati yake kwa rula. Ilikuwa sentimita 14. Urefu nao, kwa rula, ulishuka hadi 17.

Mdogo wangu alipokuja Dar kwa usaili nikampima vivyo hivyo. Urefu sentimita 20, upana wa mashavuni 13.4. Ukigawanya unapata 1.49. Huo ni uso wa yai wa kitabuni kabisa. Muhogo, ambaye alilia kidato cha kwanza kwa sababu ya jina hilo, alikuwa yai tangu kuzaliwa.

Tulicheka mpaka machozi, halafu nikafungua tena maelezo nikaona yanasema upana upimwe usawa wa nyusi. Hapo, kwenye paji, mdogo wangu ana sentimita 11.8 tu. Ukigawanya unapata karibu 1.7, na muhogo umerudi. Uso ni uleule, rula ni ileile, jina limebadilika kwa sababu rula imeshuka au imepanda vidole vitatu. Na kuna jambo jingine ambalo lingenishtua mapema kama ningelifikiria. Mstari wa nywele, ambapo kipimo cha urefu kinaanzia, ni kazi ya kinyozi pia. Akiuchonga kwa wembe na kuusogeza nyuma nusu sentimita, ameshakurefusha uso kabla hajagusa nywele nyingine. Kinachoitwa umbo la uso kimepimwa kutoka ukingo wa kitu kilekile tunachotaka kukichagua kwa kutumia umbo hilo.

Sasa nieleze kosa langu lenyewe. Mdogo wangu alipohamia Dodoma alikuwa ananyoa kama vijana wote wa rika lake: pembeni amefyeka hadi ngozi, fedi imepanda mpaka juu ya panja, na juu ameacha bapa la sentimita tatu hivi. Akanitumia picha aliyojipiga kwa simu akiuliza, "Dada, nifanyeje na huu uso?" Nilitazama picha ile nikaona uso mrefu kweli, mrefu kuliko nilivyoukumbuka. Sikujiuliza simu ilikuwa umbali gani. Picha inayopigwa kwa mkono uliokunjwa, simu ikiwa karibu na pua, hukuza vilivyo mbele na kurudisha nyuma vilivyo pembeni. Masikio yanafifia, mashavu yanajikunja, uso unaonekana mwembamba kuliko anavyouona mtu aliyeketi ng'ambo ya meza. Nilikuwa natibu mgonjwa kwa kutazama kivuli chake.

Nikampa sheria kama zilivyo. Pembeni asiteremke chini ya namba nne, yaani milimita 13. Juu apunguze mpaka sentimita mbili. Akaenda, akanyoa, akanitumia picha nyingine, na haikusaidia sana. Sababu mojawapo ni nywele zetu zenyewe. Namba nne ya mashine ni urefu wa unywele ukiwa umenyooshwa, na nywele zetu zikishajikunja, zile milimita 13 husimama kama nusu yake. Ushauri uliopimwa kwa nywele zinazolala ulikuwa unapungua nusu njiani. Nikamwambia afuge zaidi. Akafuga. Bado.

Ndipo nikarudi kwenye vipimo vyake na kufanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo, yaani kuuliza urefu huo uko wapi. Wachoraji wa Ulaya wa zamani waliugawa uso katika sehemu tatu walizozitaka ziwe sawa: kutoka mstari wa nywele hadi nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, kutoka chini ya pua hadi kidevu. Mwaka 1985, Leslie Farkas na wenzake nchini Kanada walichapisha vipimo vya nyuso za vijana wa Amerika ya Kaskazini wenye asili ya Ulaya, wakizilinganisha na kanuni hizo za wachoraji, na wakakuta kanuni nyingi haziwahusu wengi wao. Kwa hiyo hata wale ambao kanuni zilichorwa kwa sura zao hazikuwakaa. Mimi sikuutaka mgao huo kama kanuni, niliutaka kama ramani. Kwa mdogo wangu ulitoka hivi: juu sentimita 6, katikati 6.2, chini 7.8.

Urefu wake wote wa ziada uko chini ya pua. Watu wawili wanaweza kuwa na sentimita 20 zilezile, mmoja akiwa nazo kwenye paji na mwingine kwenye kidevu, na sheria ikawapa dawa moja. Yule wa paji ukimshushia nywele mbele umemsaidia, kwa kuwa umefunika mahali penyewe. Huyu wa kidevu ukimshushia nywele mbele umemharibia, maana umeifupisha sehemu ambayo tayari ilikuwa fupi na kidevu kimebaki peke yake kikitawala. Dawa yake haikuwa kichwani kabisa, ilikuwa kwenye ndevu. Nikamwambia azikate chini ya kidevu zibaki milimita tatu, na zile za pembeni ya taya aziache zikue mara tatu ya hapo, zipate kuungana na nywele za juu ya masikio bila kukatika. Safari hii mambo yakakaa. Kidevu kilirudi ndani ya uso. Alinitumia picha, nikamwomba ampe mtu mwingine ampige akiwa hatua nne mbali, akanitumia hiyo, na nikaona fahari ambayo sijawahi kuiona kwa karatasi yoyote niliyoandika chuoni.

Huyo ndiye aliyeingia uani siku ya hitima.

Nasoma falsafa, shahada ya umahiri, na msimamizi wangu hupenda kuniuliza swali lenye uchokozi: unajuaje kwamba ulichokirekebisha kilikuwa kimeharibika? Niliporudi Dar baada ya hitima swali hilo lilinikaa kooni. Usawa ni neno zuri, lakini usawa na nini? Mzani una sahani mbili. Kwenye sahani moja nilikuwa nimeweka kidevu cha baba, na kwenye nyingine nikaweka yai ambalo sijawahi kukutana na mwenye nalo. Aristotle, alipokuwa anasema wema uko katikati, aliharakisha kutoa tahadhari kwamba hiyo katikati haipatikani kwa hesabu. Ikiwa chakula cha vipimo kumi ni kingi na cha viwili ni kidogo, haifuati kwamba mwalimu wa wanamichezo amwagize kila mtu ale sita, kwa sababu kwa Milo, mpiga mieleka, sita ni kidogo, na kwa anayeanza mazoezi ni kingi. Katikati ni ya mtu huyu. Sheria za saluni zinasema "usawa" na zinamaanisha sita kwa kila mtu.

Kujua hivyo ni jambo moja. Kukaa kwenye kiti cha kinyozi ni jambo jingine, na mwezi uliofuata nilikaa.

Nilikuwa nimesuka rasta kwa miaka, zinaning'inia hadi kifuani, kwa kuwa sheria iliniambia mistari inayoshuka hurefusha uso. Nilichoka nazo nikazifumua. Nilitaka kukata ziwe fupi, na kila msusi niliyemuuliza alinitazama mashavu akasema uso wa duara hauvumilii nywele fupi. Rafiki yangu mmoja akanipeleka kwa mzee mmoja anayenyoa Mwenge, kibanda cha kioo kimoja na viti viwili, mmoja wa wale vinyozi walioanza na mkasi na wembe kabla ya mashine kuwa ya kila mtu. Nikamweleza uso wangu ni wa duara. Akasema, "Binti, mimi sijakuuliza." Akazunguka nyuma yangu. Akanishika kisogo na utosi kwa vidole kama anayechagua embe. Akaniambia nitazame kushoto, kulia, niinue kidevu. Kisha akanitaka nicheke. Nikacheka kwa aibu. "La, cheka kweli," akasema, akanisimulia habari ya mteja wake mmoja aliyelala kitini akaamka akiwa na kiduku, nikacheka kweli. Alieleza baadaye kwamba watu humjia na uso wa picha, umetulia, lakini hawaondoki nao. Uso wa duara ukicheka unapanuka zaidi, uso mrefu ukicheka unafupika, na yeye ananyoa ule utakaokaa barazani na watu.

Akasema tutakwenda kwa hatua, kwa sababu za kupunguza zipo na za kuongeza hazipo. Hatua ya kwanza alifanya kama kitabu kinavyotaka. Pembeni akapita na namba mbili, milimita sita, akififisha kuelekea masikioni. Juu akaacha kama sentimita nne zikiwa zimechanuliwa, na kwenye panja akaacha pembe mbili zilizosimama, maana duara likipewa pembe linapata mipaka. Tukatazama. Sheria ilikuwa imetimia: uso ulirefuka. Lakini nilikuwa kama mtu aliyeshtuliwa na kubaki hivyo, nyusi zimevutwa juu, na macho ya kila mtu pale kibandani yalikuwa yanakwenda kwenye nywele kwanza. Mzee akasema, "Kofia hiyo." Akiona mteja wake akitazamwa nywele kabla ya macho, kwake hiyo ni dalili kwamba mkato umekosea, hata kama vipimo viko sawa.

Hatua ya pili alipunguza juu mpaka sentimita mbili, kichwa kizima kikawa kama mpira mmoja mwororo. Ilikuwa mbaya. Mbaya kuliko zote. Chapati kamili. Kwa mujibu wa sheria mambo sasa yalikuwa wazi: kadiri urefu wa juu unavyopungua ndivyo mviringo unavyozidi, kwa hiyo kuendelea chini ni kujiangamiza. Nikamwomba aache. Akanijibu kwamba hapo ndipo mahali pabaya pa kuachia, kama anayeacha mtumbwi katikati ya mkondo. Akabadilisha kichana cha mashine, akaweka namba moja, milimita tatu, akapita kichwa kizima.

Nikaona uso wangu. Sijui niseme vipi bila kujisifu. Mashavu yalikuwa yaleyale, sentimita 14 zilezile, lakini hapakuwa tena na kitu cha kuyarudia. Shingo yangu, ambayo ni ndefu na ilikuwa imefichwa na rasta miaka yote, iliingia kwenye hesabu, na jicho sasa lilikuwa linasoma kutoka mabegani mpaka utosini bila kusimama. Kisogo changu kimechomoza nyuma, jambo lisiloonekana kwenye kioo cha mbele na lisilotajwa kwenye sheria yoyote ya maumbo ya uso, na ukinitazama kwa pembeni ndicho kinachobeba kichwa. Watu wengi hunitazama kwa pembeni, kwenye daladala, darasani. Mimi peke yangu ndiye ninayejitazama kwa mbele kila siku.

Kwa nini sentimita mbili ziliharibu, na nne na milimita tatu zisiharibu? Nimelifikiria sana. Kuna mchoro wa Mbelgiji Joseph Delboeuf, wa mwaka 1865: duara likizungukwa na pete iliyo karibu nalo sana huonekana kubwa kuliko lilivyo, na likizungukwa na pete iliyo mbali huonekana dogo. Uso si duara la karatasi, na siwezi kudai kwamba kichwa changu ni ushahidi wa mchoro huo. Lakini nikiutazama naona mpira wangu wa sentimita mbili ukiwa pete ya karibu, naona kwa nini afro kubwa kabisa humkaa mwenye uso wa mviringo huku afro ndogo ikimwadhibu, na naona kwa nini kuiondoa pete kabisa ni dawa pia. Sheria ya saluni ni mshale mmoja, ongeza au punguza. Nilichokiona kwenye kioo kilikuwa bonde: pazuri, pabaya, pazuri tena. Wengi wetu tukijaribu kunyoa tunaishia bondeni tukasema sheria ilikuwa kweli.

(Bonde lenyewe linarudi, niwatahadharishe. Nywele haziachi kuota. Kila baada ya wiki tano au sita nakuwa Chapati tena mpaka nitakapopata nafasi ya kwenda Mwenge.)

Yule mzee aliponitazama kwa vidole nilikumbuka mahali pengine kwa Aristotle, anapoeleza kwa nini haki inahitaji kitu zaidi ya sheria. Anasema mafundi wa kisiwa cha Lesbos walikuwa na rula ya madini ya risasi, laini, iliyojikunja kufuata jiwe lilivyo badala ya kulilazimisha jiwe. Niliupenda mfano huo tangu mwaka wa kwanza. Nikatoka kibandani nimeshika kichwa changu kipya nikiwaza kwamba sasa nimeuelewa, na kwamba nitampigia mdogo wangu nimwambie afyeke zile ndevu, arudishe kidevu cha baba, kwani uso wake haukuwa na kosa.

Nikampigia. Nikamweleza yote, mzee, bonde, rula ya risasi. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyonisikiliza siku zote. Kisha akaniuliza:

"Dada, kwani ni wewe umesema uso wangu hauna kosa, au ni mama?"

Nikasema ni sote.

"Mwanzo uliniambia niwe yai. Sasa unaniambia niwe baba. Mimi niko wapi hapo?"

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu zima. Nilikuwa nimeona vizuri kwamba yai ni kipimo cha mtu asiyekuwepo. Sikuona kwamba kwa mdogo wangu baba naye sasa ni kipimo cha mtu asiyekuwepo. Mimi natembea na uso wa mama, na mama yuko hai, anazeeka, uso wake unabadilika kila nikirudi, kwa hiyo hakuna anayenitaka niuhifadhi. Yeye amepewa picha iliyosimama. Kila akinyoa watu wanatazama kama ameitunza. Niliita huko kuheshimu uso wake ulivyo, lakini nilikuwa namgandamizia rula nyingine, ngumu kama ile ya kwanza, tofauti ni kwamba hii nilikuwa naipenda.

Na bado siwezi kusema mama hana haki yoyote. Aliishi na uso ule miaka 31. Alipousubiri mlangoni hakuwa anafuata sheria ya mtu. Kuna deni fulani hapo, nadhani, ila si deni la milimita. Sijui linalipwa kwa nini.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja Dar, nikampeleka Mwenge. Mzee alimzunguka, akamshika kisogo, akamtaka acheke. Akacheka, na kicheko kikamfupisha uso kama mzee alivyonieleza, kidevu kikapanda, na kwa sekunde mbili hivi nilimwona baba, ndani ya ndevu zote zile, kwa sababu kumbe baba alikuwa akicheka hivyo. Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akaniona kwenye kioo.

"Dada, usiseme kitu."

Nikafunga mdomo. Mzee akauliza pembeni tufanyeje, akajibiwa namba tatu. Akauliza ndevu. Mdogo wangu alijishika kidevu, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, akiwa hana haraka, na mashine ilikuwa imeshawashwa inanguruma mkononi mwa mzee.

"Subiri kwanza," akasema.